Mbwa wa Jirani Akifa: Namna ya Kutoa Pole Yenye Ukweli

Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya mwethya na jumuiya ndogo ndogo, Mbooni



Leo tunataka kuongea juu ya pole. Sasa wengine mtasema, sisi watu wa Mbooni hatuna haja ya kufundishwa kutoa pole. Na ni kweli. Mtu akifiwa hapa kwetu milimani, jua halitui kabla kikundi hakijakusanya sukari, majani ya chai na unga. Vijana wanaochimba kaburi wanajulikana, akina mama watakaolala pale wanajulikana, na hata yule wa kupika chai anajulikana.

Lakini kuna kifo ambacho hatuna desturi yake. Mnyama aliyelelewa nyumbani akifa, labda mbwa, labda paka, hakuna matanga, hakuna mchango, na katekista hatangazi kitu kanisani. Mwenye nyumba anabaki peke yake na huzuni yake, tena anaificha kwa sababu anaogopa kuchekwa. Mtaalamu mmoja wa Amerika, Kenneth Doka, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1989. Alionyesha kwamba kuna huzuni ambayo jamii haimpi mtu ruhusa ya kuwa nayo, na kwamba huzuni ya namna hiyo huwa nzito zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Uzito wenyewe upo, halafu unaongezwa uzito wa kunyamaza.

Tunaongea leo juu ya mbwa, kwa sababu ndiye mnyama anayekaa karibu zaidi na watu katika boma zetu. Yatakayosemwa yanamfaa pia yule aliyepoteza paka wake, au mzee aliyepoteza punda aliyemtekea maji miaka kumi.

1. Kwanza tuone kilichopotea

Watu wengi wanakosea katika kutoa pole kwa sababu hawajaangalia kilichopotea. Wanaona mzoga wa mbwa, basi. Mwenye mbwa anaona mambo mengine.

Hebu tufikirie siku moja ya mbwa katika boma la Mbooni. Alfajiri mama akifungua mlango, wa kwanza kumwona ni mbwa. Mama akienda mtoni kuchota maji, mbwa anatangulia, na ndiye anayegundua nyoka kwenye nyasi kabla ya mguu wa mtu kufika. Mahindi yakianza kukomaa na nyani wakiteremka kutoka mawe ya juu, mbwa ndiye anayeshinda shambani na mtoto. Mbuzi wakirudi jioni, anawasindikiza. Usiku mwenye nyumba anasikia kubweka, na kutokana na sauti ile anajua kama ni fisi, au ni mgeni, au ni jirani anayepita tu. Kwa mwanamke anayelala peke yake na wajukuu, sauti ile ndiyo inayomwezesha kufunga macho.

Siku mbwa akifa, mambo yote hayo yanakatika kwa mara moja. Mama anafungua mlango alfajiri na hakuna anayeinuka. Anakwangua sufuria ya ugali ili amtupie makoko, halafu mkono unasimama hewani. Anaambiwa hodi na jirani akiwa tayari mlangoni, wala hakusikia mtu akija. Huzuni ya kufiwa na mnyama inakuja hivyo, vipande vipande, mara nyingi kwa siku, katika saa ambazo watu wengine hawaoni. Kwa hiyo usishangae kama siku ya kwanza alionekana mzima, na siku ya tano ukamkuta ameketi na sufuria mkononi.

Na Maandiko yenyewe hayadharau jambo hili. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12, nabii Nathani anamweleza mfalme Daudi habari ya maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja tu. Alimlea pamoja na watoto wake, wakala chakula kimoja, naye akawa kwake kama binti. Tajiri mwenye mifugo mingi akamchukua yule mmoja na kumchinjia mgeni. Sasa angalieni Daudi alifanya nini. Hakusema huyo ni kondoo tu, maskini atapata mwingine. Aliwaka hasira. Nabii alijua kwamba hata moyo wa mfalme aliyetenda dhambi kubwa ungeelewa uchungu ule, na ndiyo sababu alichagua mfano huo.

Na katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anaposafiri na malaika, mbwa anafuatana nao. Wanaporudi, mbwa yupo tena. Hakuna muujiza anaofanya. Alikuwa sehemu ya safari, na mwandishi akaona ni haki kumtaja.

2. Mfano wa nyumba moja

Sasa tuchukue mfano. Mfano huu tumeuunganisha kutokana na mambo tunayoyakuta tukitembelea vikundi, kwa hiyo msitafute ni nyumba ya nani.

Kuna mama mjane, umri wake umepita miaka sitini. Anaishi na mjukuu wa miaka tisa. Ana mbuzi wachache, na ana mbwa anayeitwa Simba, ambaye aliletwa na marehemu mume wake akiwa mtoto wa mbwa anayebebwa mfukoni. Simba amekaa miaka sita. Hakupata chanjo mwaka huu. Siku watu wa mifugo walipokuja sokoni, mama alikuwa hospitalini na mjukuu.

Asubuhi moja Simba anakataa kula. Siku ya pili sauti yake imebadilika, imekuwa nzito kama ya kukauka koo. Anatafuna vijiti. Anamkimbilia mbuzi aliyezoeana naye na kumwuma. Mate yanamtoka, taya limelegea. Jirani mmoja anaelewa, anamwambia mama aingie ndani na mtoto, halafu anatuma habari kwa afisa wa mifugo. Afisa anakuja, anaangalia kutoka mbali, anasema ni dalili za kichaa cha mbwa na kwamba hakuna dawa ya kumponya. Mbwa anauawa pale pale. Afisa anaondoka na kichwa kwa ajili ya kupimwa, na mwili unafukiwa na watu waliojifunga mikono. Mama na mjukuu, ambao walilambwa na Simba siku zile, wanapelekwa hospitali waanze sindano.

Tumechagua mfano huu kwa makusudi. Makueni ni mojawapo ya kaunti tano zilizochaguliwa kuanza mpango wa kitaifa uliozinduliwa mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Nyingine ni Machakos, Kitui, Kisumu na Siaya. Ugonjwa huu tunaujua hapa kwetu. Na ndiyo namna ngumu kuliko zote ya kupoteza mbwa, kwa sababu ndani yake kuna huzuni, kuna hofu, na kuna lawama, vyote kwa siku moja.

3. Maneno waliyomletea

Jioni ile majirani walipita kwa huyo mama. Hawakuwa watu wabaya. Sikilizeni waliyosema.

Wa kwanza alisema, "Pole, lakini huyo ni mbwa tu." Neno "tu" ni dogo lakini linafunga mlango. Maana yake ni kwamba ukilia baada ya hapa, unalia bure. Mama alijibu, "Ndiyo, ni mbwa," akaenda jikoni kulia huko.

Wa pili alisema, "Mbwa wetu amezaa, njoo uchukue mwingine kesho." Huyu alitaka kusaidia, na pengine baada ya mwezi mmoja au miwili maneno haya yatakuwa mazuri sana. Lakini siku ile yalikuwa mapema. Ni kama kumwambia mtu kwamba aliyeondoka alikuwa kifaa, na kifaa kikivunjika kinanunuliwa kingine. Tena mbwa wa mwaka mmoja hajui njia ya mtoni, hajui sauti za boma, na hakuletwa mfukoni na marehemu.

Wa tatu alisema, "Mshukuru Mungu si mtoto aliyekufa." Neno hili ni kweli, na mama alikuwa ameshashukuru kabla hajaambiwa. Lakini kushukuru hakufuti huzuni. Mtu anaweza kushukuru kwa ajili ya mtoto na kulia kwa ajili ya mbwa saa ile ile. Ukimpimia huzuni yake kwa msiba mkubwa zaidi, hakuna mtu atakayebaki na haki ya kulia, maana msiba mkubwa zaidi hautakosekana mahali fulani.

Wa nne alisema, "Ni mapenzi ya Mungu." Sisi Wakristo tunalikimbilia neno hili kwa haraka mno. Mbwa huyu alikufa kwa sababu aliumwa na mnyama mgonjwa naye hakuwa na chanjo ya kumlinda. Tukimwekea Mungu jambo ambalo lina sababu tunayoijua, mwenye huzuni anabaki na Mungu anayeua mbwa wa wajane, na kikundi kinasahau chanjo.

Wa tano hakusema pole. Aliuliza mbele ya mtoto, "Kwani hukumchanja?" Tutarudi kwake baadaye.

Mnaona kwamba maneno yote haya yana kitu kimoja. Yanataka huzuni iishe haraka. Pengine ni kwa sababu anayesema anaona aibu kukaa mbele ya mtu anayelilia mnyama. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi asiyekilalia asiharakishe kusema kunguni hawapo.

4. Mtu aliyefanya vizuri

Palikuwa na jirani wa sita, mama wa kikundi kimoja naye. Hakuleta maneno mengi. Tumweke alivyofanya kwa utaratibu, kwa sababu kila hatua ina sababu yake.

Kwanza, alikuja jioni, wakati wa kufunga mbuzi. Alijua kwamba saa ile ndiyo mbaya, kwa sababu ndiyo saa ya Simba. Alisaidia kuhesabu na kufunga mbuzi bila kusema kwamba amekuja kusaidia.

Pili, alipoketi alisema, "Mwaitu, pole kwa Simba." Alimtaja jina. Jambo hili ni dogo na lina nguvu sana. Ukisema "pole kwa mbwa", umesema juu ya aina ya mnyama. Ukisema "pole kwa Simba", umesema juu ya yule aliyekuwa hapa. Kama hujui jina, uliza, "Alikuwa anaitwaje?" Swali hilo lenyewe ni pole.

Tatu, alisema kitu alichokiona yeye mwenyewe. "Mimi nilikuwa najua umeamka nikisikia Simba akibweka mara mbili. Leo asubuhi sikusikia, nikajua kuna kitu." Hapo mama akaanza kuongea. Alieleza namna mume wake alivyokuja na yule mtoto wa mbwa mfukoni kutoka Kikima, akasema amenunua simba. Walicheka wote wawili, halafu mama akalia. Jirani hakumwambia anyamaze. Alikaa.

Kama huna kumbukumbu yako mwenyewe, uliza swali ambalo jibu lake si ndiyo wala la. "Alikuja kwenu namna gani?" "Alipenda kulala wapi?" Usiulize "Unajisikiaje?", kwa sababu mtu wa kwetu atajibu "Ni sawa," na mazungumzo yatakuwa yamekwisha.

Nne, kabla ya kuondoka hakusema "ukihitaji kitu uniite". Mwenye huzuni haiti. Alisema, "Usiku wa leo na kesho kijana wangu atalala hapa kwa sababu ya mbuzi." Alikuwa amefikiria kwamba boma limebaki bila mlinzi, na fisi hawana matanga. Hapo pole ilikuwa na miguu na mikono.

Tano, alirudi. Alipita siku ya nne, akapita tena baada ya wiki mbili. Akauliza, "Asubuhi zinakuwaje sasa bila Simba?" Watu wote walikuwa wameshasahau, na mama alishangaa kwamba kuna mtu anayekumbuka.

Hayo matano ndiyo tungependa vikundi vyetu viyashike. Hayana gharama, na hayahitaji mtu aliyesoma.

5. Lawama, na namna ya kuijibu bila uongo

Sasa turudi kwa yule aliyeuliza juu ya chanjo. Swali lake lilikuwa baya kwa wakati wake, lakini si la uongo. Na mama mwenyewe alikuwa anajiuliza hivyo hivyo usiku. "Ningalimchanja. Mimi ndiye niliyemuua."

Marafiki wengi hapa husema, "Hapana, si kosa lako." Ngojeni kwanza. Kama mtu anajua kwamba chanjo ilipita na yeye hakwenda, neno hilo halimwingii. Anasikia kwamba unataka tu anyamaze, na kesho hatakuambia tena. Kwa upande mwingine, kumthibitishia kosa lake siku ya kilio ni ukatili. Njia iliyobaki ni kutenganisha mambo, kimoja kimoja, kwa ukweli.

Yule jirani wa sita alifanya hivyo. Alisema, "Ni kweli hakupata chanjo ya mwaka huu. Ulikuwa hospitalini na mtoto, na huwezi kuwa mahali pawili." Hapo amekubali ukweli, na ameweka pia sababu yake, ambayo nayo ni ukweli.

Halafu akasema, "Hukuona alipoumwa. Pengine ni miezi imepita." Hili nalo ni kweli. Kichaa cha mbwa hukaa ndani ya mnyama wiki nyingi, hata miezi, kabla ya dalili kuonekana. Mara nyingi mwenye mbwa hawezi kujua siku wala mahali.

Mama akauliza, "Na kama nisingemwita yule mtu wa mifugo? Pengine angepona." Hapa inafaa tujue jibu vizuri, kwa sababu ndilo swali linalowatesa wengi waliokubali mbwa wao auawe. Mbwa akishaonyesha dalili za kichaa hakuna tiba, na kwa kawaida hufa ndani ya siku kumi. Siku hizo ni za mateso. Anashindwa kumeza, anapooza, anauma hata wale aliowapenda. Kwa hiyo mama hakukatisha maisha ya Simba. Alifupisha kufa kwake, na akamlinda mjukuu. Jirani alisema kwa maneno machache zaidi, "Simba alilinda mtoto huyu miaka sita. Siku ile wewe ndiye uliyemlinda kwa niaba yake." Hatudhani kuna kitabu kilichomfundisha.

Sasa, si kila kifo ni cha kichaa. Kuna mbwa aliyekula nyama yenye sumu iliyowekewa fisi, kuna aliyegongwa na gari barabarani, kuna aliyeumwa na nyoka, kuna aliyekufa kwa uzee. Kila kimoja kina lawama yake. Utaratibu ni ule ule. Sikiliza lawama yote bila kuikata. Kubali kilicho kweli. Ondoa kile ambacho mtu asingeweza kukijua wala kukizuia. Na kama hujui sababu ya kifo, usiibuni ili kumfariji.

Habari ya chanjo kwa majirani wengine isizungumzwe pale kwenye boma la mwenye huzuni. Iletwe kwenye mkutano wa kikundi, wiki nyingine, bila kumtaja mtu. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, halafu kila mwaka. Mwenye kikundi ajue tarehe ya watu wa mifugo, na mtu akiwa mgonjwa au yuko mbali, jirani ampeleke mbwa wake. Hilo nalo ni aina ya pole, ingawa linakuja kabla ya kifo.

6. Mambo ya lazima ambayo pole isiyazuie

Katika nyumba yenye kichaa cha mbwa, upole wetu usitufanye tusahau hatari. Aliyeumwa, aliyekwaruzwa au aliyelambwa penye kidonda aoshe mahali pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo. Sindano ni kadhaa, kwa tarehe anazoandikiwa, na asiache katikati kwa sababu amejiona mzima. Ugonjwa ukishaanza kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Hapa rafiki ana kazi nzuri ya kufanya. Amsindikize, na ajue tarehe zinazofuata, kwa sababu mwenye huzuni husahau.

Mwili usishikwe kwa mikono mitupu, usichunwe, usitupwe kichakani ambapo mbwa wengine wataufikia. Ufukiwe kwenye shimo refu la kumfika mtu mzima kifuani, mbali na kisima na mbali na mchanga wa mto tunakochota maji.

Jambo hili linaumiza, kwa sababu mtu hawezi kumgusa mnyama wake kwa mara ya mwisho. Lisemeni waziwazi. "Najua ulitaka kumshika. Ilikuwa haiwezekani." Na kama shimo limeshafunikwa, hakuna ubaya mtu kuweka jiwe pale juu.

7. Mtoto naye anaomboleza

Mjukuu wa miaka tisa alikuwa ameambiwa na mtu mmoja kwamba Simba amekimbilia msituni. Alikaa jioni mbili langoni akipiga mluzi. Ndugu zetu, tusiwafanye watoto hivi. Mtoto anayeambiwa mbwa amekimbia anajifunza mambo mawili mabaya: kwamba Simba alimwacha kwa kupenda, na kwamba wakubwa hawaambiwi siri za moyo kwa sababu hawasemi kweli.

Susu yake alimwita akamweleza kwa maneno mafupi. "Simba aliugua ugonjwa usiopona. Amekufa. Hatarudi. Hakukasirika na wewe alipokuwa anauma, ulikuwa ni ugonjwa." Mtoto akauliza maswali matatu. Je, aliumia? Je, ni kwa sababu nilimpiga juzi kwa fimbo? Je, na mimi nitakufa? Mtoto yeyote wa umri ule anaweza kuwa na maswali haya hata kama haulizi, kwa hiyo jibuni hata kabla ya kuulizwa. Fimbo haileti kichaa. Na sindano anazopigwa ndizo za kumlinda, ndiyo maana lazima zimalizike.

Mpeni mtoto kitu cha kufanya. Huyu alichora Simba kwenye daftari la shule. Mwingine atataka kutunza kamba aliyofungwa mbwa. Kama mbwa alikuwa na kichaa, kamba yenye mate ichomwe, na mtoto achague kitu kingine.

Mara nyingine mtoto atauliza kama mbwa ameenda mbinguni. Msimwahidi kitu ambacho Kanisa halijatamka, na msimvunje moyo kwa "hapana" kali. Mwambieni kwamba Mungu ndiye aliyemwumba Simba, na kwamba Mungu hasahau alichokiumba. Hapo mtakuwa mmesema kweli na hamkupita mpaka.

8. Mipaka

Kuna watakaouliza kama Kanisa linaruhusu haya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inaongea juu ya wanyama katika namba 2415 hadi 2418. Inatuambia kwamba tunawadai wanyama wema, kwamba kuwatesa bure ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe, na kwamba mtu anaweza kuwapenda. Inaongeza kwamba tusiwape ule upendo unaowastahili watu peke yao, wala tusiwatumie fedha ambazo zingepaswa kwanza kuondoa taabu ya watu. Kwa hiyo hatuwaambii mfanye mchango wa kikundi kwa ajili ya mbwa, wala matanga. Tunawaambia mwende jioni mkasaidie kufunga mbuzi. Huko ni kumhudumia mtu.

Mpaka wa pili ni huu. Mara nyingine huzuni ya mnyama hubeba huzuni nyingine mgongoni. Yule mama hakumlilia Simba peke yake. Mbwa alikuwa kitu cha mwisho kilicho hai kilicholetwa na mume wake, na kifo chake kilifungua kaburi la pili. Ukisikia mtu anaanza na mbwa na kumalizia na marehemu, usimrudishe kwenye mbwa. Mfuate anakokwenda.

Lakini zikipita wiki kadhaa naye hali chakula, halali, haendi shambani, ameacha kikundi, au anasema afadhali naye angekufa, basi jambo hili limezidi pole ya jirani. Usimwache peke yake. Mwambie aliye karibu naye katika ukoo, mpelekeni hospitali, na padre naye ajulishwe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika boma lako, ni saa gani ya siku ambayo mbwa wako akikosekana utaisikia zaidi? Mweleze mwenzako aliyeketi karibu nawe.

2. Kati ya yale maneno ya majirani watano, ni lipi linalosemwa zaidi hapa kwetu? Mbadala wake ungekuwa nini?

3. Wawili wawili, mmoja awe mwenye kupoteza mbwa kwa sumu, mwingine awe rafiki. Jaribuni dakika tano. Rafiki asiseme "si kosa lako" wala "utapata mwingine". Baadaye mwenye mbwa aeleze ni wakati gani alipojisikia kwamba amesikilizwa.

4. Ni nani katika kikundi chetu atakayechukua kazi ya kujua tarehe ya chanjo, na ni nyumba zipi zinazohitaji mtu wa kuwapelekea mbwa?

Majibu ya swali la nne yaandikwe kwenye kitabu cha kikundi, pamoja na jina la aliyekubali kazi.